Shajara ya kuthamini kiwanda cha alizeti: kutoka EBITDA hadi hisa za dada

Alhamisi, 31 Julai 2025. Singida

Kazi imeanzia ghalani, si kwenye kompyuta. Nilitaka mizania ya leo hii iwe na hesabu ya magunia niliyoyaona kwa macho, kwa hiyo tangu saa moja asubuhi nimezunguka na mtunza ghala, yeye akichoma gunia moja moja kwa bambo na kunimwagia mbegu kiganjani, mimi nikiandika. Msimu umepamba moto. Magunia yamefika dari, mengine yako nje chini ya turubai, na malori bado yamepanga foleni kwenye mizani.

Niandike kazi yenyewe ili nisiisahau katikati. Kiwanda ni cha ndugu watatu walioachiwa na baba yao: kaka mkubwa ana asilimia 40 na ndiye anayekiendesha, dada ana 30, mdogo wao ana 30. Dada anataka kutoka. Kaka yuko tayari kununua. Wamekubaliana mtu wa nje aseme hisa za dada zina thamani gani, na wote wawili wamesaini barua ya kunipa kazi. Jina la kiwanda sitaliandika humu.

Njia nitakayotumia: nitafute kampuni zinazofanana na hii ambazo hisa zake zinauzwa sokoni, nione soko linalipa mara ngapi ya EBITDA yao, yaani faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu, nichukue kizidishi hicho nikizidishe kwa EBITDA ya kiwanda. Hapo nitapata thamani ya kiwanda kizima, bila kujali nani alikikopesha na nani ana hisa. Kisha nivuke daraja: nitoe madeni, niongeze fedha iliyopo, nibaki na kile ambacho ni cha wenye hisa.

Jumatatu, 4 Agosti

Hesabu zilizokaguliwa za mwaka 2024. Zote humu naziandika kwa milioni za shilingi. Mauzo 14,200. Faida kabla ya kodi 742. Nikirudisha riba 468 na uchakavu 410 napata EBITDA ya 1,620.

Namba hiyo ni ya kiwanda kinavyoendeshwa na familia. Anayenunua biashara ananunua faida ambayo itaendelea kuja hata familia ikiondoka, kwa hiyo nimeipitia mstari kwa mstari.

Kaka anajilipa milioni 2.5 kwa mwezi. Meneja wa kuajiriwa mwenye uzoefu wa kinu cha ukubwa huu hapatikani chini ya milioni 7. Kwa mwaka pengo ni 54, nalitoa. Ghala kubwa ni la mama yao, naye anapokea milioni 1 kwa mwezi kwa jengo ambalo majirani wanalipia 5. Natoa 48. Kwenye "mapato mengine" kuna fidia ya bima 96 ya mota iliyoungua, haitarudi tena mwakani, natoa. Kwa upande wa pili kuna gharama ya wakili 38 kwenye kesi ya mpaka wa kiwanja iliyokwisha, narudisha.

1,620 − 54 − 48 − 96 + 38 = 1,460.

Mhasibu wa kiwanda aliniomba nirudishe pia matengenezo ya malori, 58, kwa kuwa "mwaka ule yaliharibika sana". Nikafungua miaka miwili ya nyuma: 61 na 74. Gharama inayokuja kila mwaka kwa sababu mpya si ya dharura, ni ya kawaida. Imebaki ndani.

Nimefanya marekebisho hayohayo kwa 2022 na 2023, nikapata 1,390 na 1,430. Hilo lilikuwa muhimu, maana bei ya mafuta ya alizeti inavutwa na bei ya mafuta ya mawese yanayoagizwa nje na ushuru wake. Kama 2024 ungekuwa mwaka wa neema peke yake, ningechukua wastani wa miaka. Si hivyo, nakwenda na 1,460.

Alhamisi, 7 Agosti

Kaka yuko Nzuguni, Dodoma, kwenye maonyesho ya Nane Nane. Nimebaki na kampuni za kulinganisha.

Hapa Tanzania hakuna kampuni ya kukamua alizeti iliyoorodheshwa sokoni ambayo ningeichukua moja kwa moja, kwa hiyo nimechukua wasindikaji wa mafuta ya kula na vyakula kwenye masoko ya Afrika na India. Kizidishi hakina sarafu: ukigawa rupia kwa rupia au naira kwa naira, zinajifuta, unabaki na "mara". Ndiyo maana kampuni ya mbali inaweza kukaa meza moja na ya Singida. Kisichojifuta ni hali ya nchi yake.

Zimebaki tano, naziita A hadi E. Vizidishi kutoka kwenye jedwali la data nililonunua: A 5.1, B 5.8, C 6.4, D 7.9, E 13.2.

E imenishtua, nikafungua ripoti yake. Mwaka ule EBITDA yake iliporomoka hadi nusu kwa sababu ya kinu kusimama miezi kadhaa, ila bei ya hisa haikushuka sana kwa kuwa soko lilijua kinu kitarudi. Mgawo ukakua kwa sababu namba ya chini ilikonda. 13.2 haisemi kwamba kampuni inathaminiwa sana. Nimeitoa, nikaandika sababu, na namba ya kati ya nne zilizobaki ni 6.1.

B pia ina tatizo dogo: hisa zake huuzwa kwa nadra, siku nyingine hakuna hata moja inayobadilisha mkono. Bei ya siku moja ya soko la namna hiyo inaweza kuwa ya mtu mmoja aliyekuwa na shida. Nimechukua wastani wa miezi mitatu.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimekuta kosa langu mwenyewe, na lingepita kimya kabisa.

Nilikuwa najenga upya kizidishi cha C kutoka kwenye ripoti yake ya mwaka, kwa kuwa sipendi kutumia namba ya jedwali bila kuijua mifupa yake. Kwa milioni za sarafu yake: thamani ya hisa zote sokoni 48,000, mikopo ya benki 15,000, fedha 5,000. Ina kampuni tanzu isiyoimiliki yote, na sehemu ya wanahisa wengine humo ni 2,000. Hiyo nayo huongezwa, kwa sababu EBITDA ya C imebeba faida ya kampuni tanzu nzima, si sehemu ya C tu. 48,000 + 15,000 − 5,000 + 2,000 = 60,000. EBITDA 9,375. Mara 6.4, sawasawa na jedwali.

Nilikuwa karibu kufunga ripoti nikaona kwenye mizania mstari wa madeni ya pango, 6,000. Haumo kwenye ile 60,000.

Tangu Januari 2019, kampuni zinazofuata IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa pango, hazionyeshi tena pango la maghala na magari kama gharama ya kawaida. Pango limegawanywa: sehemu imekuwa uchakavu, sehemu imekuwa riba. Vyote viwili viko chini ya EBITDA, kwa hiyo EBITDA ya C haina pango kabisa, imenenepa. Jedwali nililonunua limechukua EBITDA hiyo nene, halafu juu likahesabu mikopo ya benki peke yake na kuliacha deni la pango. Juu pamekonda, chini pamenenepa, kizidishi kimeshuka.

Kiwanda chetu kinafuata viwango vya IFRS vya kampuni ndogo na za kati. Humo pango la kawaida bado ni gharama, linakatwa kabla ya EBITDA. Maana yake nilikuwa nazidisha EBITDA iliyokwisha kulipa pango kwa kizidishi cha EBITDA ambayo haijalipa. Dada angeumia.

Kuna njia mbili za kuliponya. Ningeongeza deni la pango juu: 66,000 kwa 9,375, mara 7.0. Hicho kingefaa kama kiwanda nacho kingekuwa na EBITDA isiyo na pango na deni la pango kwenye daraja. Kwa kuwa hakiko hivyo, nimechagua ya pili: nimetoa pango kwenye EBITDA ya C. Kwenye mtiririko wa fedha ilionyesha malipo ya pango, mtaji na riba, jumla 1,375. 9,375 − 1,375 = 8,000, na 60,000 kwa 8,000 ni mara 7.5.

Nimefanya hivyo kwa zote. A haina pango kubwa, imetoka 5.1 kwenda 5.3. B 6.2, C 7.5, D 8.6. Namba ya kati sasa ni 6.85. Tofauti na ile ya Alhamisi ni mara 0.75, ambayo kwa EBITDA ya 1,460 ni milioni 1,095. Kwa mstari mmoja wa mizania.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimelala nikiifikiria 6.85, na siwezi kumpa kaka namba hiyo.

D ina chapa inayojulikana, inabakiza asilimia 16 ya mauzo kama EBITDA. Sisi tunabakiza 10.3. C inauza nchi nne. Kiwanda chetu kina kinu kimoja, zao moja, na barabara moja ya kuingiza mbegu. Jirani yake wa kweli ni A: inakamua, inauza kwa jumla na kupata pia fedha ya mashudu, inabakiza asilimia 9, haikui haraka. A ni 5.3, na A ni kubwa zaidi na ina vinu vitatu. Kwa hiyo 5.3 nimeifanya dari, nikashuka hadi 4.8 kwa udogo na kwa kutegemea kinu kimoja. Hii ni hukumu yangu, hakuna fomula iliyoitoa, na nimeiandika hivyo kwenye rasimu ili wajue pa kunibana.

1,460 × 4.8 = 7,008. Kiwanda kizima, karibu bilioni 7.

Kaka alipiga simu jioni kutoka Dodoma. "Sasa mtaalamu, dada ana asilimia 30 tu, hana kauli ya mwisho. Si tunapunguza tena hapo?" Nikamwambia hapana, kaka, tutakuwa tunakata mara mbili. Bei ninazozitumia ni za hisa chache chache zinazouzwa sokoni kila siku, na wanaozinunua nao hawana kauli. Ukosefu wa kauli umo tayari ndani ya kizidishi.

Dada naye kesho yake atauliza kinyume chake, namjua. Mwaka 2024 kampuni ya Amsons ya Tanzania ilipotoa shilingi 65 za Kenya kwa kila hisa ya Bamburi, kampuni ya saruji ya Kenya, na washindani wao Savannah Clinker wakapandisha hadi 76.55, kila mwenye hisa Afrika Mashariki alijifunza kwamba mnunuzi hulipa zaidi. Ila wale walikuwa wanataka kuishika kampuni nzima. Kaka tayari anakiendesha kiwanda, na hisa za dada hazimpi funguo ambazo hana. Bei za aina ile sizichanganyi na hizi.

Jumanne, 19 Agosti

Daraja. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, imenichukua siku nzima na sijajuta.

Kaka anataka tutumie mizania ya 31 Julai, kwa kuwa ndiyo niliyohesabu mwenyewe. Mkopo wa mashine 1,150, mkopo wa msimu wa kununulia mbegu 3,100, fedha benki 260. Deni baada ya kutoa fedha: 3,990.

Dada ameleta mizania ya 30 Aprili, nayo ni halali, imesainiwa na mhasibu. Mkopo wa mashine 1,240, wa msimu umebaki 150, fedha 610. Deni: 780.

Kati ya namba hizo mbili kuna 3,210. Asilimia 30 yake ni milioni 963. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amechagua mwezi unaompendeza, pengine bila kujua kwa nini unampendeza.

Aprili ghala ni jeupe. Mbegu imeisha, mafuta yameuzwa, mkopo wa msimu umelipwa. Julai mkopo umerudi wote, ila haukuteketea. Uko ghalani, ndani ya yale magunia niliyoyahesabu. Ukikata deni la Julai bila kuangalia magunia, unamtoza dada mbegu ambayo kaka ataikamua na kuiuza peke yake. Ukichukua deni la Aprili bila kuangalia ghala tupu, unamuuzia kaka kiwanda ambacho hakiwezi kusaga hata siku moja mpaka akakope tena.

Kwa hiyo nimechukua mtaji wa kuendeshea, yaani mbegu na mafuta ghalani pamoja na wanaodaiwa, kutoa wadai wa kawaida, kila mwisho wa mwezi kuanzia Agosti 2024 hadi Julai 2025. Wastani wa miezi 12 ni 2,350. Hicho ndicho kiasi ambacho kiwanda kinahitaji ili kizalishe ile EBITDA ya 1,460, na kizidishi kimeshakilipia.

Julai kulikuwa na 4,050. Ziada ni 1,700, inapunguza deni: 3,990 − 1,700 = 2,290.

Aprili kulikuwa na 800. Upungufu ni 1,550, unaongeza deni: 780 + 1,550 = 2,330.

Nilipoziona hizo mbili zimekaa pamoja nilisimama nikatembea uani. Pengo la 3,210 limebaki 40, na hiyo 40 ni fedha ambayo kiwanda kimeibakiza katika miezi mitatu ya katikati. Kama zingekataa kukaribiana ningejua kuna kitu kimehesabiwa vibaya, ama magunia, ama deni lililojificha.

Kwenye lahajedwali mstari wenyewe ni huu. B2 ni EBITDA, B3 kizidishi, B5 na B6 mikopo, B7 fedha, B8 mtaji wa siku ile, B9 wastani:

```
=B2*B3-(B5+B6-B7)+(B8-B9)
```

Kwa Julai inatoa 4,718.

Ijumaa, 22 Agosti

Leo ni kutafuta madeni ambayo hayajaitwa madeni.

Kwenye "wadai wengine" kulikuwa na 200 isiyosogea tangu 2021. Mhasibu akasema muulize mama. Nikaenda nyumbani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Akaniambia aliuza shamba lake, akawapa watoto wanunue mashine ya kuchuja, na hakuna aliyeandika karatasi. Haina riba, haina tarehe, ila ni deni, na atalidai kabla ya mwanahisa yeyote. Natoa 200. Nimehakikisha pia kwamba haikuwa imeingizwa kwenye mtaji wa kuendeshea, maana ingekuwa imekatwa mara mbili. Haikuwemo.

Kodi ya mapato iliyokadiriwa na haijalipwa, 145. Gawio la 2023 lililotangazwa halikulipwa, 120. Dada alishangaa: mbona unatoa gawio ambalo ni letu wenyewe? Kwa sababu atalipwa lake pembeni kama mdai, 36 taslimu, na hawezi kulipwa tena kupitia bei ya hisa. Kiinua mgongo cha wafanyakazi wa zamani, 85.

Upande wa kuongeza kuna kimoja: kiwanja Dodoma mjini ambacho kiwanda hakikitumii kwa lolote. Mthamini aliyesajiliwa amekiweka 390. Hakichangii hata senti kwenye EBITDA, kwa hiyo kizidishi hakijakigusa, na kisipoongezwa hapa kinapotea. Lile jengo la ofisi ambalo dada alitaka liongezwe pia, hapana. Linatumika kila siku, limo tayari ndani ya 7,008.

4,718 − 145 − 120 − 200 − 85 + 390 = 4,558. Asilimia 30 ni 1,367.

Jumatano, 27 Agosti

Tumekaa sebuleni kwa mama, wote wanne na mimi. Kaka aliuliza swali zuri kuliko yote: ningekosea nusu tu kwenye ile 4.8, ingekuwaje?

Nusu ya kizidishi ni milioni 730. Kwenye thamani ya kiwanda kizima ni kama asilimia 10. Lakini madeni hayapungui eti kwa sababu nimekosea, yanabaki palepale, na mshtuko wote unaangukia hisa: 730 kwenye 4,558 ni asilimia 16. Kiwanda kingekuwa na deni kubwa zaidi, kosa hilohilo lingepiga hisa kwa nguvu zaidi. Nikawapa wigo, 4.3 hadi 5.3, ambao kwa hisa za dada ni kati ya 1,148 na 1,586.

Dada aliishika karatasi ya Julai na ya Aprili pamoja kwa muda mrefu. Akamuuliza kaka, "Kwa hiyo zile bilioni tatu zilikuwa magunia?" Kaka akasema, "Magunia."

Ijumaa, 5 Septemba

Wamekubaliana kwa kizidishi cha 4.8 na marekebisho yote kama yalivyo. Mkataba unaandika kanuni, si namba ya mwisho: EBITDA 1,460 na wastani wa 2,350 vimefungwa, ila mikopo, fedha na ghala vitahesabiwa upya siku ya kusaini, 30 Septemba. Mama atalipwa 200 yake siku hiyohiyo, kabla ya hundi ya dada. Mtunza ghala ameshaniambia nije mapema, tuanze na yale ya nje chini ya turubai.